Ofa mbili, siku nne: nianze na mauzo ya ndani au mauzo ya nje?

Tegeta_Kibaoni

Wakuu habari za majukumu. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya masoko mwaka jana, na baada ya miezi ya kuzungusha bahasha nimepata ofa mbili ndani ya wiki moja. Ijumaa natakiwa nijibu.

Ya kwanza ni mauzo ya ndani. Kampuni inafunga vifaa vya kufuatilia magari, ofisi iko Mikocheni. Unakaa na visikio masikioni, unapiga simu, unafunga biashara hapohapo. Mshahara 500,000 kabla ya makato. Kamisheni ni 15,000 kwa kila kifaa kilichofungwa na kulipiwa, ila inaanza kuhesabiwa kuanzia kifaa cha 11 ndani ya mwezi. Lengo ni vifaa 20.

Ya pili ni mauzo ya nje. Msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula, ruti ya Temeke mpaka Mbagala. Mshahara 350,000, posho ya usafiri 120,000, kamisheni asilimia 1 ya mauzo. Lengo ni milioni 45 kwa mwezi. Aliyenisaili kaniambia vijana wake wanaondoka na laki tisa.

Moyo unaenda kwenye laki tisa. Mshua anasema kijana hakai ofisini, kijana anazunguka. Nyie mnaojua, mngenishaurije?

Chuma_Doriani

Dogo hapo hakuna cha kufikiria. Kupiga simu ni kazi ya kuchoshana, utakuwa kasuku unasoma karatasi. Fildi ndiyo selzi yenyewe. Unajulikana, unapata koneksheni, na kamisheni haina dari. Mimi nilianza fildi na vocha za simu enzi zile, leo nina fremu mbili.

Parachichi_Njombe

Mauzo ya nje yanalipa sana kijana wangu, usiogope. Sisi huku parachichi zinakwenda mpaka Ulaya na India. Ila hakikisha una cheti cha usafi wa mimea, na kontena lenyewe liwe la ubaridi, maana likikaa bandarini bila umeme umekwisha. Mauzo ya ndani bei ni ya kubahatisha.

Tegeta_Kibaoni

Mzee wangu @Parachichi_Njombe shikamoo. Siyo kuuza nje ya nchi, ni nje ya ofisi. Kuzunguka madukani.

Parachichi_Njombe

Marahaba. Basi nimekuelewa. Endeleeni.

MzeeWaRuti

Nimecheka mpaka chai imemwagika. Sasa twende kwenye kazi.

Nimekaa fildi miaka 14, ruti ya Mbagala ninaijua kuliko mtaa wangu. Sitakukataza kwenda, ila hiyo laki tisa tuifungue kwanza, maana umeonyeshwa kuku aliyechinjwa, hujaonyeshwa anavyofugwa.

Chukua 350,000, ongeza posho 120,000, ongeza asilimia 1 ya milioni 45 ambayo ni 450,000. Jumla 920,000. Kwa hiyo laki tisa aliyokutajia ni ya mtu aliyefikisha lengo lote, na posho ya nauli imehesabiwa kama vile anaila. Hailiwi. Kwenye ruti kama hiyo utakuwa na maduka kama 150, unapita 25 kwa siku, kila duka mara moja kwa wiki. Barabara kuu utatembea, lakini ukiingia ndani huko Charambe na Chamazi utapanda boda. Ukijibana sana ni 8,000 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 208,000, posho ni 120,000, kwa hiyo 88,000 inatoka mfukoni mwako.

Halafu lililo kubwa: kamisheni inalipwa kwenye mauzo au kwenye makusanyo? Maneno haya mawili ndiyo yanayotenganisha wanaokula na wanaolia. Kule maduka mengi yanachukua mali kauli. Unashusha katoni leo, hela wiki ijayo, na wiki ijayo anakwambia njoo Jumatatu. Tuseme mwezi wa kwanza umehangaika ukauza milioni 45, jambo ambalo mgeni halifanyi, lakini ni milioni 30 tu iliyoingia benki. Kama kampuni inahesabu makusanyo, kamisheni yako ni laki tatu. Na kama wana kile kipengele cha kwamba chini ya asilimia 80 ya lengo hakuna kamisheni, mstari wao uko milioni 36. Wewe una 30. Kamisheni yako ni sifuri.

Sasa piga hesabu ya mwezi huo. 350,000 toa NSSF asilimia 10, toa kodi ya kinachozidi 270,000, inabaki 311,400. Toa ile 88,000 ya boda. Umebaki na 223,400, na hujala.

Chuma_Doriani

Mzee unamtisha mtoto. Mbona sisi tuliweza?

MzeeWaRuti

Wewe uliuza vocha, mkuu. Vocha ni hela mkononi, hakuna mwenye duka anayekopa vocha mwezi mzima. Sabuni ni biashara ya kukusanya madeni iliyovalishwa koti la mauzo. Ndiyo maana nasema fildi siyo moja. Na hilo la kamisheni kutokuwa na dari ni kweli kwenye makaratasi, ila ukivuka lengo miezi mitatu mfululizo, wa nne lengo lenyewe linapandishwa au ruti yako inagawanywa mara mbili. Nimeyaona.

Visikio

Nimekuja mbio nilipoona "kasuku". Mimi ni dada wa simu, mwaka wa sita huu, sasa nasimamia timu ya watu wanane. Biashara yetu inafanana na hiyo ya kwanza ila siyo hiyo.

Mdogo wangu, na huku nako usidanganyike. Kamisheni inayoanza kifaa cha 11 maana yake vifaa kumi vya kwanza unavifanya bure. Kwenye timu yangu mgeni wa mwezi wa tatu anatoa vifaa 8 mpaka 12, kwa hiyo hesabu kwamba robo mwaka ya kwanza utaishi kwa mshahara. 500,000 baada ya NSSF na kodi ni 435,600. Nauli ya Tegeta na Mikocheni mimi nakuwekea 2,000 kwa siku, siku 24, unabaki na 387,600. Siyo tajiri, lakini unajua tarehe 28 una nini.

Siku yenyewe iko hivi. Unapiga namba 60. Zinapokelewa kama 25. Katika hizo, mazungumzo ya kweli, yaani mtu amekusikiliza zaidi ya dakika mbili, ni 12. Wengine wote ni "niko barabarani", "umepata wapi namba yangu", au anakata. Mwezi mzima ni mazungumzo 288 na watu tofauti. MzeeWaRuti amesema maduka 150 yaleyale kila wiki. Hapo ndipo naona tofauti yenyewe ya hizi kazi kwa mtu anayeanza. Wa simu anarudia mwanzo wa biashara mara mia tatu: kujitambulisha, kuuliza, kusikia pingamizi, kutaja bei. Wa ruti anayaona mara chache, ila anajifunza kuishi na mteja mmoja mwaka mzima na kumdai bila kugombana naye. Hivyo ni vipaji viwili, na ukianza na kimoja haimaanishi kingine kitakuja chenyewe.

Nikupe mfano wa juzi. Kijana wangu kampigia mzee mmoja wa Fuso tatu. Mzee kasikiliza, kasema "sawa, nitumie wasapu." Kijana kafurahi, kaandika kwenye mfumo kwamba mteja ana nia. Nikamwita tukasikiliza rekodi pamoja. Nikamwambia, "nitumie wasapu" kwa mfanyabiashara wa Kitanzania ni kwaheri ya heshima. Ulitakiwa umuulize hapohapo, "Nikutumie ya gari moja au zote tatu, mzee?" Kama ana nia atajibu kwa idadi. Kama hana, atababaika na utajua. Kampigia tena kesho yake, akauliza, mzee akasema, "Hizo mbili ziko juu ya mawe, labda hii inayokwenda Tunduma, dereva wake ananiibia mafuta." Hapo sasa biashara imeanza, kwa sababu tumeacha kuuza kifaa tukaanza kuongelea mafuta.

Fildi angekosea vilevile ila asingesikia rekodi yake. Msimamizi wa ruti anapanda na wewe labda siku moja kwa mwezi.

MzeeWaRuti

Dada hapo nakubaliana na wewe nusu. Rekodi ni kitu kizuri. Lakini simu ni kipofu. Mimi nikiingia dukani, kabla mwenye duka hajajibu salamu, nimeshaona sabuni ya mpinzani iko mbele usawa wa macho na yangu iko chini ina vumbi. Nimeshaona katoni zangu nne bado hazijafunguliwa. Akiniambia "mali yako haiendi", najua ni kweli au ananipunja. Anaposema "njoo kesho" na droo imejaa, najua. Kijana wa simu atajifunza kuuliza, sawa, ila macho hatakuwa nayo.

Visikio

Ni kweli, sibishi. Ndiyo maana mteja wa magari 15 tunamkabidhi kwa mtu wa nje aende kumuona. Na hapo mdogo wangu kuna shimo lingine: uliza, ukimkabidhi mteja mkubwa uliyemtafuta wewe, kamisheni ni ya nani? Kuna sehemu mnagawana nusu kwa nusu, kuna sehemu wewe unapewa asante. Wakikwambia "huwa tunaelewana", ujue hamtaelewana.

La pili, uliza namba za kupiga zinatoka wapi. Ni watu walioulizia wenyewe kwenye tangazo, au ni karatasi ya namba zilizonunuliwa? Wenye mabasi ya mikoani, kwa mfano, LATRA inawataka wawe na mfumo wa kufuatilia gari, kwa hiyo mtu kama huyo anajua unachoongelea. Ukipewa namba za kuokoteza, yale mazungumzo 12 niliyosema yatakuwa manne. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, mtu akikuuliza umepata wapi namba yake unatakiwa uwe na jibu la kueleweka. Sisi tuliacha zile karatasi.

Kamba_wa_Athi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona mnasahau jambo moja, mtu mwenyewe anapenda nini. Nilianza fildi nikiuza bima, nikawa naogopa kubisha hodi. Ukweli, nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha chai mpaka saa nane halafu naandika ripoti kwamba wateja hawakuwepo. Nilipohamia simu nikawa namba mbili kwenye timu. Kumbe shida yangu haikuwa kuuza, ilikuwa uso kwa uso na mtu ananitazama viatu. Sasa kijana ajiulize anaogopa gani zaidi, kukatiwa simu mara thelathini au kufukuzwa dukani mara tatu.

Chuma_Doriani

Huyo wa kibanda cha chai nimemuelewa kabisa, hahaha. Nilikuwa nao wawili kwenye timu.

Mwanahawa_K

Naomba kuongezea upande wa fildi kwa sababu yalinikuta. Nilipokea ruti ya mtu aliyeacha kazi, sitaitaja kampuni. Siku ya kwanza duka la tatu mama ananiambia, "Mwenzako nilimpa laki mbili na nusu hakunipa risiti, kwa hiyo sikudaiwi." Kwenye vitabu vya kampuni anadaiwa. Nikaandikiwa mimi kwa kuwa ruti ni yangu. Kufika mwezi wa nne mshahara wangu unakatwa hela ambazo sijawahi kuzishika. Nikaacha bila notisi.

Wanauliza fildi au simu, mimi nauliza ruti ilikuwa ya nani na yuko wapi.

MzeeWaRuti

Pole sana dada. Hili lipigiwe mstari, maana ndilo linalowaumiza vijana wengi kuliko boda na jua.

@Tegeta_Kibaoni ukienda kwenye sabuni, wiki ya kwanza usiuze hata katoni moja kabla hujazungushwa ruti nzima na msimamizi mkiwa na karatasi ya madeni. Kila duka mwenye duka anaambiwa kiasi anachodaiwa, anakubali au anakataa, anasaini, msimamizi anasaini, wewe unasaini. Kinachokataliwa kinabaki kuwa deni la kampuni na yule aliyetangulia. Unaanza ukiwa safi. Msimamizi akisema hakuna muda wa hayo, umeshajua nani atalipa.

Na makato nayo yana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri hakati tu kwa sababu hasara imetokea. Inabidi iwe ni kwa kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Usiposikilizwa unakwenda CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi. Ila wengi wanasainishwa fomu ya kukubali deni siku wanayoajiriwa, wamebanana na furaha ya kazi, hawasomi.

Mwanahawa_K

Nilisaini hiyo fomu. Sikujua ni nini.

Chuma_Doriani

Sawa, mmenishinda kwenye sabuni. Lakini mniambie, baada ya miaka mitano nani yuko mbali? Mimi wakubwa wa mauzo ninaowafahamu wote walipita fildi. Sijaona meneja wa nchi aliyetoka kwenye visikio.

Visikio

Hoja yako ina ukweli kwa bidhaa za madukani. Huko bila kupita ruti hutaheshimiwa, na sawa. Kwenye programu za kompyuta, vifaa, huduma za mtandao, njia ya kawaida ni kuanza kwenye simu mwaka mmoja au miwili kisha kupewa wateja wakubwa wa kuwatembelea. Vijana wangu wawili wamekwenda hivyo. Kinyume chake, mtu wa ruti ya sabuni kuja kuuza mfumo kwa mkurugenzi wa fedha, nimeona wakihangaika, kwa sababu mazoea yao ni oda ya leo na mteja huyu anachukua miezi mitano. Lakini nimeona mmoja aliyeweza, tena vizuri kuliko wa simu. Kwa hiyo hapo sina jibu la kumfunga mtu.

MzeeWaRuti

Mimi jibu ninalo: mtu aliyewahi kumdai muuza duka wa Mbagala mwisho wa mwezi hashindwi na mkurugenzi yeyote. Lakini najua dada hatakubali.

Visikio

Sikubali.

Tegeta_Kibaoni

Wakuu nimerudi, ni Alhamisi usiku. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Kwa watu wa sabuni niliomba nizunguke siku moja na kijana wao kabla sijasaini. Wakakubali, nikashangaa. Tumeanza saa mbili pale Rangi Tatu. Duka la kwanza tumekaa dakika arobaini tukisubiri mwenye duka atoke kwa jirani, akatoa oda ya katoni tatu na kulipa deni nusu. Kufika saa nane tulikuwa tumepita maduka 19, kumi na moja ndiyo tuliyokuta mtu mwenye uamuzi. Jamaa ana daftari lake mwenyewe la madeni tofauti na la kampuni, nikamuuliza kwa nini, akasema "hili ndilo la kweli." Kamisheni nimeuliza: ni makusanyo, na mstari upo kweli, ila wao wameuweka asilimia 70. Ruti nitakayopewa aliyekuwa nayo amehamishiwa Kigamboni, hajafukuzwa. Hilo la kuzunguka na karatasi ya madeni msimamizi amesema sawa, ila maduka makubwa tu.

Watu wa Mikocheni niliwapigia. Namba zinatoka kwenye matangazo yao na za zamani zilizolala kwenye mfumo, mgeni anaanza na zilizolala. Mteja wa magari zaidi ya 10 anakwenda kwa mtu wa nje, wa simu anapata theluthi. Dada aliyenijibu hakusita, alikuwa na karatasi. Nikamuomba nisikilize simu moja, akasema haiwezekani, ni za wateja.

Na kuhusu swali la @Kamba_wa_Athi, kusema kweli siku ile ya ruti sikuogopa. Nilichoka, lakini nilikuwa nataka kujua duka linalofuata lina nini.

MzeeWaRuti

Asilimia 70 ya 45 ni milioni 31 na nusu. Mgeni anaweza kuigusa mwezi wa tatu kama mvua haijaharibu njia. Na "maduka makubwa tu" usikubali. Madeni mabaya yako kwa wadogo, wanafunga fremu usiku wanahama. Mwambie hata kama ni kwa awamu, yote.

Visikio

Namba zilizolala siyo mbaya kama unavyodhani, wengine walikataa bei ya mwaka juzi na sasa wameongeza gari. Theluthi nayo ni ya haki. Mimi ningekwenda Mikocheni, lakini wewe umesema unataka kujua duka linalofuata lina nini, na hilo sina uwezo wa kulifundisha mtu.

Mwanahawa_K

Kabla ya kusaini omba fomu zote uzisome nyumbani, usiku mmoja tu.

Tegeta_Kibaoni

Nimeziomba. Za Mikocheni wamenitumia kwa barua pepe leo jioni. Za sabuni wamesema nitazikuta kesho mezani.

MzeeWaRuti

Kesho saa ngapi?

Tegeta_Kibaoni

Saa tatu asubuhi. Mikocheni wanasubiri jibu mpaka saa kumi.

MzeeWaRuti

Basi nenda mapema, zipige picha, kaa nje kwenye benchi uzisome zote. Ukiona neno "deni" rudi hapa uandike lilivyo, tutakuwepo.